Sufuria ilipimwa, mkono haukupimwa: kisa cha makro kwenye sinia la watu watano

Usiku mmoja baada ya kula, mdogo wangu alinisukumia daftari lake akasema, "Kaka, hebu nitafutie kosa. Mimi nimetafuta mpaka macho yanauma." Alikuwa kwenye wiki ya sita ya kuhesabu makro. Kila siku alikuwa ameandika gramu za protini, wanga na mafuta, na kila siku jumla ilifika pale pale alipotaka ifike: protini 150, wanga 210, mafuta 70, yaani kalori 2,070 hivi. Kwa uzito wake na mazoezi yake ya vyuma, kiasi hicho kilikuwa chini ya matumizi yake kwa kalori kama 500 kwa siku. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa safi. Kwenye mizani, hayakuwa.

Nimekuwa nikiwapangia chakula watu wa mazoezi kwa muda sasa, na sikuhisi kama alikuwa ananidanganya. Nililojua ni kwamba chakula cha asubuhi na cha mchana alikula peke yake, kwenye sahani yake, kila kitu kimepita kwenye mizani ya jikoni. Cha usiku tulikula pamoja kwa mkono kutoka sinia moja: baba, mjomba, mimi, yeye na binamu yetu. Nilikuwa nakaa naye bega kwa bega kila usiku na sikuwahi kujiuliza anachokula kinaingiaje kwenye daftari. Nikajisuta kidogo, kisha nikafungua kurasa za usiku.

Kabla ya kulaumu sinia, nilitaka kujua ukubwa wa kosa. Hapo mwili wenyewe ndio unaosema. Alikuwa anajipima kila asubuhi, na wastani wa siku saba wa wiki ya kwanza ulikuwa kilo 86.2. Wastani wa wiki ya mwisho ulikuwa 85.1. Kwa hiyo hakuwa amekwama kabisa kama alivyodhani, alikuwa ameshuka kilo 1.1 kwa takriban siku 42. Kwa upungufu wa kalori 500 kwa siku, na kwa kukisia kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, alitakiwa awe ameshuka kilo 2.7. Kilo 1.6 hazikuonekana. Ukizigeuza kuwa kalori na kuzigawanya kwa siku 42, unapata karibu kalori 300 kwa siku. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, maana maji ya mwilini na makisio ya matumizi yake yana kosa lao, lakini ilinipa kitu cha kushika. Nilikuwa natafuta shimo la kalori 300, wala si 50 wala 1,000.

Mlo wa usiku aliuandika hivi. Mama hupika wali wa mafuta pamoja na nyama kwenye sufuria moja, na mdogo wangu alikuwa amemwomba ruhusa ya kupima kila kinachoingia. Mchele mkavu kilo moja. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa gramu 800 ikiwa mbichi. Vitunguu na nyanya nusu kilo. Mafuta hakuyapima kwa kijiko, na hapo nilimpa heko: aliweka chupa nzima kwenye mizani kabla ya kupika, akaiweka tena baada ya kupika, na tofauti ndiyo mafuta yaliyoingia, gramu 138. Mpishi anamimina anavyotaka, hakuna anayemsimamia na kijiko, na namba inatoka sahihi. Jumla ya sufuria ikawa wanga gramu 835, protini 235, mafuta 225, kalori kama 6,300.

Halafu akagawanya kwa watano. Wanga 167, protini 47, mafuta 45, kalori 1,260 kwa kila mtu. Ndiyo namba aliyoiandika usiku wowote tulipokula chakula hicho, na kwa vyakula vingine alifanya vivyo hivyo. Ili namba hiyo ikae vizuri, alijibana mchana: mayai, kuku, mboga, wanga kidogo sana, ili sehemu kubwa ya wanga wa siku imsubiri usiku.

Kwa hiyo sufuria ilikuwa imepimwa kwa umakini ambao watu wengi hawaufikii. Kilichokuwa kimekisiwa ni mstari mmoja tu, ule wa kugawanya. Mstari huo unadai mambo matatu kwa mpigo: kwamba sinia linaisha, kwamba watu wote watano wanakula sawa, na kwamba kila mmoja anapata nyama na wali kwa uwiano ule ule uliokuwa kwenye sufuria. Ukikaa kwenye sinia lolote dakika kumi na macho yako wazi utaona kwamba hakuna hata moja lililo kweli. Baba anakula polepole na kuacha mapema. Mjomba anapenda nyama. Mdogo wangu ametoka kwenye vyuma, ana njaa, anaanza pamoja na wote na mkono wake ndio wa mwisho kutoka.

Tukaanza na mgawanyo wa sinia lenyewe. Sufuria tupu ilipimwa kwanza, kisha ikapimwa na chakula kikiwa kimeiva. Nyama iliyoiva, ikiwa imetolewa kando, ilikuwa gramu 560 katika vipande 32. Nyama hupoteza maji ikiiva, kwa hiyo gramu 800 kuwa 560 si ajabu. Wali na viungo vyake ulikuwa gramu 3,000. Nikatenganisha hesabu ya vitu hivi viwili, kwa sababu mkono unavichukua kwa njia mbili tofauti: wali unamegwa kwa matonge, nyama inachukuliwa kwa kipande. Mafuta ya kupikia niliyahesabia wali wote, na sehemu ya mafuta ya nyama pia, kama gramu 30, kwa kuwa yanayeyuka na kunywewa na mchele. Ukifanya hivyo, kila gramu 100 za wali ule zina kalori kama 174. Wali mweupe uliochemshwa kwa maji matupu una kama 130. Tofauti hiyo yote ni mafuta, na ndiyo maana mtu anayechukua "wali" wa kawaida kwenye programu ya simu na kuuandikia sinia la aina hii anajipunja hata kabla ya kuanza kugawanya.

Baada ya kula tulipima kilichobaki. Gramu 400 za wali zilirudi jikoni. Kwa hiyo watu watano walikula 2,600, na wastani halisi wa kila mmoja ulikuwa gramu 520, si 600. Hapo mdogo wangu alicheka kwa furaha, akaona amekuwa akijizidishia kwenye daftari. Nikamwambia asubiri, wastani wa watu watano haujui tumbo la nani ni la nani.

Sasa tonge. Kwa anayekula kwa mkono, tonge ndilo kijiko chake, na kama kijiko kingine chochote linaweza kupimwa. Njia ni rahisi. Unaweka sahani pana yenye chakula kile kile juu ya mizani ya jikoni, unairudisha mizani kwenye sifuri, kisha unamega tonge. Mizani inaonyesha namba hasi: −21, kwa mfano. Hilo ni tonge la gramu 21. Unasoma baada ya mkono kutoka kabisa juu ya sahani na punje zilizoanguka kutulia, si wakati vidole bado vinakandamiza, maana kidole kikigusa sahani mizani inasoma upuuzi. Unarudisha sifuri, unamega tena.

Usiku wa kwanza alijipima mwenyewe. Alisoma mizani, akaandika, akamega, akasoma. Wastani ukawa gramu 19 kwa tonge. Kesho yake kwenye sinia akahesabu matonge yake kimoyomoyo, akapata 29. Zidisha: gramu 551. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. Gramu 551, wakati kugawanya kwa watano kulimpa 600. Kwa hiyo hesabu yake ya zamani, alisema, ilikuwa inamwonea yeye.

Hapa ndipo kisa hiki kingeweza kuishia vibaya, na naamini kwa watu wengi huishia hapa hapa. Vipimo viwili vilikubaliana na namba mbovu, vikaipa cheti. Lakini mizani ya asubuhi ilikuwa bado inadai kalori 300, na mizani ya asubuhi haina upendeleo. Nikaanza kuvitilia shaka vipimo badala ya chakula. Mtu anayesoma gramu za kila tonge analimega kwa aibu. Mtu anayehesabu huku anaongea na mjomba anasahau, na akisahau huwa hasahau kwa kuongeza.

Tukarudia. Safari hii sahani ilikuwa juu ya mizani, mizani ikiwa imegeuziwa upande wangu, na yeye alikaa akibishana na binamu kuhusu mpira. Mimi niliandika kimya kimya. Matonge kumi ya kwanza yalikuwa na wastani wa gramu 28. Lile la pili lilifika 34, nikadhani mizani imeharibika. Ya katikati yalishuka hadi kama 23. Kumi ya mwisho yalikuwa 18, na hapo unaona hata umbo limebadilika: mwanzo vidole vinne vinazoa na kidole gumba kinakandamiza mpaka tonge linakuwa gumu, mwishoni ni ncha za vidole vitatu zinazookota. Njaa ikipungua, tonge linapungua. Wastani wa yote ulikuwa gramu 23.

Usiku uliofuata nilimhesabia kwenye sinia bila kumwambia ni usiku gani. Matonge 36. Nilirudia usiku mwingine mara mbili, nikapata 35 na 37. Yeye mwenyewe alikuwa amehesabu 29, kwa hiyo matonge saba yalikuwa yanapita bila kuandikwa, mengi yao dakika za mwisho, wakati baba ameshanyanyuka na sinia limebaki la vijana.

Matonge 36 kwa gramu 23 ni gramu 828 za wali. Hiyo ni zaidi ya robo ya wali wote uliopikwa. Watu wanne tuliobaki tuligawana gramu 1,772, kama 443 kila mmoja, na kwa jinsi baba anavyokula, hilo halikunishangaza hata kidogo.

Nyama ilikwenda kinyume. Kugawanya kwa watano kulimpa vipande sita na kitu. Alichokula ni vipande vinne, mara moja vitatu. Hakuna aliyemnyima. Alikuwa anaanza na wali kwa kasi, nyama anaiwekea baadaye, na baadaye ikifika vimebaki vipande vichache au mtu amesogezewa kilichobaki mbele yake. Uzuri wa nyama ni kwamba haihitaji mbinu yoyote. Vipande vinne mtu anavikumbuka hata kesho yake asubuhi, na kama vimekatwa kwa ukubwa unaokaribiana, uzito wa jumla ukigawanywa kwa idadi unatosha: 560 kwa 32 ni gramu 17 na nusu kwa kipande. Ikiwa kuna vipande vyenye mfupa, mifupa iliyo mbele yako inapimwa baada ya kula na kutolewa.

Tukaandika upya usiku wa kawaida. Kutoka kwenye wali, wanga gramu 230, protini 21, mafuta 48. Kutoka kwenye vipande vinne vya nyama, protini 20 na mafuta 6. Jumla ni wanga 230, protini 41, mafuta 54, kalori kama 1,570. Daftari lilikuwa limesema 1,260. Tofauti ni kalori 310. Nilikuwa nikitafuta 300.

Sikuifurahia sana ile 310, kusema kweli. Namba zinapokutana vizuri hivyo ujue kuna makosa mawili yaliyofutana mahali fulani. Lakini mwelekeo na ukubwa vilikuwa sahihi, na kosa lenyewe lilikuwa na sura: protini alikuwa amejiandikia zaidi ya aliyokula kwa gramu sita, mafuta pungufu kwa tisa, na wanga pungufu kwa gramu 63. Sehemu kubwa ya kosa imelala kwenye wanga. Kwa mtu anayetaka kupungua hilo ni kero tu. Kwa mtu anayejidunga insulini kwa kuhesabu wanga wa mlo, gramu 63 zisizoonekana ni jambo la kumpeleka kwa daktari wake akiwa na daftari mkononi, na asiende kubadilisha dozi kwa kuhesabu matonge aliyoyasoma mahali.

Kulikuwa na jambo moja tulilolipima kisha tukaliacha, na nalitaja kwa sababu watu hukwama hapo. Mafuta hayakai sawasawa. Wali wa chini ya sufuria una mafuta kuliko wa juu, na kwa kuwa unapakuliwa mwisho, ndio unaokaa juu ya sinia. Halafu sinia likiisha linabaki linang'aa. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa ameshanogewa na upelelezi, alilifuta sinia tupu kwa karatasi aliyoipima kabla, akaipima baada: gramu 11. Kwa watu watano ni kama gramu mbili za mafuta kila mmoja ambazo hazikuingia tumboni. Ukiongeza yaliyobaki vidoleni haifiki kitu. Nilimwambia aache. Kosa la tonge linaweza kuwa kalori 300, kosa la mng'ao ni kalori 20, na anayefuatilia la pili atachoka kabla hajamaliza la kwanza.

Kulirekebisha kulikuwa na mtego wake. Wazo lake la kwanza lilikuwa apakue chakula chake kwenye sahani kando, akipime, ale. Ni njia sahihi kabisa kwa vipimo na aliifanya usiku mmoja. Mama aliuliza kama anaumwa. Mjomba aliuliza kama amekasirika. Yeye mwenyewe alisema chakula hakikupanda. Anayekula peke yake kwenye sahani hukaa na wenzake, lakini hali nao, na si kila mtu yuko tayari kulipa bei hiyo kila usiku kwa ajili ya gramu.

Tukabaki kwenye sinia, tukaweka kikomo cha matonge. Kuhesabu hadi thelathini na kitu huku unaongea tulishaona hakuwezekani, kwa hiyo kazi ilipewa mkono wa kushoto, ambao kwenye sinia hauna shughuli. Unakaa gotini. Kila matonge matano unakunja kidole kimoja. Vidole vyote vikishakunjwa, ni matonge 25. Kichwa kinahesabu hadi tano tu kisha kinaanza upya, na ukikatizwa na stori, vidole vilivyokunjwa vinakukumbusha ulipofika. Nilimhesabia kwa siri usiku wa tatu wa kufanya hivyo: yeye 25, mimi 26.

Mtego uko kwenye kuzidisha. Alizidisha 25 kwa 23 akapata gramu 575, akataka kuandika hivyo. Lakini 23 ulikuwa wastani wa matonge 36, na ndani yake mlikuwa na yale kumi madogo ya mwishoni. Ukikomea kwenye 25, unayoyaacha ni madogo, uliyoyala ni makubwa. Kumi ya gramu 28 ni 280, kumi na tano ya gramu 23 ni 345, jumla 625. Kwa maneno mengine, alipunguza matonge kwa karibu theluthi lakini chakula kilipungua kwa robo tu. Anayepunguza matonge bila kujua hili atashangaa tena baada ya wiki sita.

Gramu 625 za wali na vipande vinne vya nyama vinatoa wanga 174, protini 36, mafuta 42, kalori kama 1,220. Hapo jumla ya kalori ilirudi mahali pake. Protini ilikuwa pungufu kwa gramu 11 ikilinganishwa na zile 47 alizokuwa akijiandikia, na hatukujaribu kuzitafuta kwenye sinia. Kwenda kupigania kipande cha tano na cha sita cha nyama mbele ya mjomba si mpango wa lishe. Tuliongeza gramu 40 za kifua cha kuku kilichoiva kwenye sahani yake ya mchana, ambapo anakula peke yake na mizani iko mezani. Hizo ni protini 12 na kalori 66 hivi. Tangu hapo ndivyo ninavyomshauri kila anayekula sinia: protini ya siku itegemee milo unayoimiliki, sinia liachiwe wanga na mafuta, kwa sababu nyama ya sinia inategemea nani yuko pale usiku huo.

Mipaka ya njia hii inajulikana na afadhali niitaje. Usiku mwingine tulipopima tena, tonge la katikati lilikuwa gramu 25, maana wali ulitoka laini na kushikana. Wali mkavu unaotawanyika ulitoa 20. Chakula cha moto sana kinatoa matonge madogo mwanzoni, kinyume cha tulichozoea. Ukichukulia tonge linayumba kwa gramu tatu juu au chini, matonge 25 yanayumba kwa gramu 75, yaani kalori 130 za wali huu. Hapo ndipo usahihi wa mkono unapoishia. Chakula kizito kinachofinyangika kina tonge lake na lazima lipimwe upya. Mkate wa kuchovya ndio rahisi kuliko vyote upande wa wanga, kwa kuwa unapima mkate mzima na unajua umekula nusu au robo, na ndio mgumu upande wa mafuta, kwa kuwa mchuzi unaoingia kwenye kipande kimoja unategemea umekitumbukiza kwa muda gani.

Wageni wakija tukawa saba kwenye sinia kubwa zaidi, kugawanya kungehitaji hesabu mpya kabisa. Vidole vya mkono wa kushoto havikuhitaji kujua tuko wangapi. Ilibidi tu kupima wali ulioiva na kujua umepikwa na mafuta kiasi gani, kwa ile chupa.

Lililomsumbua zaidi halikuwa hesabu, lilikuwa kukaa pale baada ya tonge la 25 huku wengine wanaendelea. Wiki ya kwanza alikuwa akimaliza kabla ya baba, kisha anabaki ameukodolea macho mchele. Kutoka mapema hakutaka. Dawa ilikuwa kasi: matonge kumi ya kwanza, yale ya gramu 28, ayale kwa kutafuna na kumeza kabla mkono haujarudi, na akiba ya kidole cha mwisho aiweke hadi baba atakapoanza kunawa. Wiki ya tatu nilimpima tena bila yeye kuona mizani. Matonge kumi ya kwanza yalikuwa yameshuka kutoka 28 hadi 25. Hakuwa amejaribu kuyapunguza, alikuwa tu amepunguza haraka.

Baada ya wiki nne wastani wake wa siku saba ulikuwa kilo 83.6, kutoka 85.1. Hesabu ilikuwa imeahidi kama kilo 1.8, alipata 1.5. Tofauti ya gramu 300 kwa siku 28 ni kalori 80 kwa siku, ndani kabisa ya mayumbo ya tonge. Aliniuliza kama tuzitafute. Nikamwuliza jana alikula vipande vingapi vya nyama, akasema vinne, kisha akafikiri kidogo akasema, "Na kile mjomba alichonisogezea."